Barua Kumi na Moja za Kifaransa

Siku ile mjinga alikuwa Rogath, na hilo hata yeye hapingi. Ukimwuliza leo atakwambia Kariakoo ina wajinga wengi, ila wengi wao hudanganywa na wenzao. Yeye alijidanganya kwa mkono wake mwenyewe, kwa Kifaransa, mara kumi na moja, na kila bahasha akailambia stempu.

Ilikuwa mwaka tisini na tatu. Ruksa, ule uhuru mpya wa biashara, ilishakolea, na duka la jumla la Lalit na Wanawe, Mtaa wa Sikukuu, lilikuwa limejaa marobota ya vitenge mpaka ngazi ya kupandia ofisini ilibaki njia ya mtu mmoja. Wateja walitoka Bujumbura, Kalemie, Lubumbashi, huko kote. Wakifika walimwulizia mtu mmoja tu, karani wa mauzo, Rogath, mtoto wa Kibosho. Walimwita Musiye Rogath, naye alipoitwa hivyo alitembea kama aliyevaa viatu vipya.

Kifaransa chake, tuseme kweli, kilikuwa cha kaunta. Alijua kuhesabu mpaka elfu, alijua kusalimia, alijua kumwambia mtu kwamba bei hiyo ni ya mwisho na kwamba shemeji yake amependeza. Mengine yote aliyamaliza kwa Kiswahili, maana Wakongomani nao wana Kiswahili chao. Lakini mtu akisimama mbali, akasikia vicheko na *merci* zinavyoruka, angeapa kwamba Rogath amesomea Paris.

Tatizo lilikuwa la barua. Kampuni za huko juu zilianza kuagiza kwa maandishi, Kifaransa kitupu, na barua zao zililala mezani wiki mbili tatu zikimsubiri Megha, mwalimu wa Kifaransa wa Upanga, aje Jumapili moja moja kumsomea mdogo wake Nirali. Nirali alikuwa mkwe wa Mzee Lalit na ndiye aliyeshika ofisi. Hakuwa mtu wa kungoja Jumapili. Akatoa tangazo gazetini: anatakiwa karani wa mawasiliano ya Kifaransa, aandike kwa Kifaransa, kwa mkono wake, aambatanishe picha, ataje mshahara anaoutaka. Kila mwombaji atajibiwa kwa lugha hiyohiyo ndani ya wiki mbili.

Rogath alilisoma tangazo lile amesimama, gazeti likiwa limetandikwa juu ya robota, na roho ikamuuma palepale. Hakutafuta kalamu. Alijua ataitwa tu. Katika duka lile hakuna aliyewahi kupata kazi kwa kuandika. Yeye mwenyewe aliletwa na mjomba wake, Mzee Lalit akamtazama mabega, akamwambia nyanyua lile, akanyanyua, kesho yake akawa mfanyakazi. Ndivyo kazi za Kariakoo zinavyopatikana, mtu anaonekana. Naye Rogath alikuwa ameonekana miaka sita mfululizo, kila siku ila Jumapili. Akawa anapanda ofisini bila shughuli, anakohoa, anauliza kama kuna lolote. Nirali anamjibu hakuna, ahsante, halafu anaendelea na hesabu zake.

Badala ya kuitwa yeye, zikaja barua. Tatu, kisha saba, mwisho kumi na moja. Evarista mpiga chapa, binti wa Marangu mwenye ulimi mrefu kuliko mashine yake, ndiye aliyezifungua, na kila bahasha aliitolea maelezo. Alipofika ya Marcelino akanyamaza kidogo, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

Marcelino alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba anayekaa Magomeni. Baba yake aliwahi kufanya kazi Bujumbura, naye akasoma huko mpaka akamaliza sekondari. Kwenye picha alivaa tai nyembamba, na mwandiko wake ulikwenda umelala upande mmoja kama mpunga uliopigwa na upepo. Nirali aliishika barua ile mkono mmoja, akaitazama kwa mbali kama mtu anayetazama kitambaa, akasema mwandiko huu unafaa hata kutundikwa ukutani. Evarista akasema hata mwenyewe anafaa kutundikwa.

Rogath alicheka nao. Jioni, watu walipotoka, aliichukua picha ile akaiangalia sana akitafuta kasoro. Aliona masikio ni makubwa. Akairudisha, akashuka ngazi ametulia kidogo, lakini alipofika Msimbazi akakumbuka kwamba masikio hayaandiki barua, na roho ikaanza upya.

Kesho yake Nirali akamwita. Alipanda ngazi mbilimbili, moyo ukimwambia leo ndiyo leo. Ilikuwa siyo. Megha amekwenda Nairobi arusini, hatarudi mpaka tarehe ishirini, na ahadi ya wiki mbili inakaribia kwisha. Je, Rogath anaweza kuwajibu waombaji kwa Kifaransa?

"Barua fupi tu," Nirali akasema. "Waambie tumepokea. Waambie Dada Megha atazisoma zote achague wanne, na hao wanne wataandikiwa tena, waje kwenye mtihani na usaili Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa, saa tatu. Asiyepata barua ya pili mpaka siku hiyo ajue safari hii hakuchaguliwa. Basi. Usimwahidi mtu kitu chochote."

Mtu mwenye akili zake angesema hapana, Dada Nirali, hiki si Kifaransa changu. Lakini wivu ulikuwa umeshakaa kwenye kiti cha akili. Rogath aliona mlango: barua hizi zikienda vizuri, Nirali atajiuliza kwa nini anatafuta mtu wa nje wakati wa ndani yupo. Na yule mwenye masikio atabaki Magomeni na tai yake. Akajibu kwamba mambo hayo kwake ni madogo.

Sasa aandike nini? Alifungua faili la barua za nje akakuta moja ya kampuni ya Brussels iliyokuwa ikiwauzia nyuzi. Aliikumbuka vizuri. Duka liliagiza nyuzi, ikaja barua hii, na baada ya barua hii nyuzi zikaja kamili, hazikupungua hata kidonge kimoja. Kwa hiyo ilikuwa barua nzuri. Ilianza *Nous accusons bonne réception*, maneno ambayo Megha aliwahi kuyasoma kwa sauti: tumepokea salama. Baada yake palikuwa na neno la oda. Rogath akalitoa, akaweka *candidature*, neno aliloliona limeandikwa kwenye barua zote kumi na moja. Mstari wa pili ulikuwa mrefu, una heshima, umejaa *plaisir* na *accord*. Hakujua unasema nini, lakini ulisikika kama watu wanaoelewana, akauacha ulivyo.

Ilibaki habari ya kinachofuata. Ya Megha kuchagua wanne, barua ya pili, asiyeandikiwa ajue mwenyewe, hayo yote aliyaona marefu mno kwa Kifaransa. Akaamua kuyafupisha. Atawaambia tu waje tarehe ishirini na tisa.

Chini, Bwana Polycarp wa Bukavu alikuwa amekaa juu ya robota akisubiri mzigo wake ufungwe. Rogath akamsogelea na karatasi, akamwuliza kwa mzaha, kana kwamba anamtahini, mtu ukitaka kumwambia afike dukani Jumamosi saa tatu utasemaje. Polycarp akamtajia taratibu, herufi kwa herufi. Kisha akanyoosha mkono.

"Lete nikuangalizie yote, mdogo wangu. Kifaransa cha ofisi kina miiba yake."

Rogath akaufunika ukurasa kwa kiganja. Alisema ni siri ya ofisi. Ukweli ni kwamba hakutaka hata Polycarp awe na sehemu kwenye ushindi ule.

Evarista akapiga chapa nakala kumi na moja kwa karatasi ya kaboni, wote akiwaita *Monsieur*, na wanawake wawili wakiwemo, kwa kuwa ndivyo mfano ulivyoandikwa. Nirali akasaini zote bila kuzisoma, kwani angesoma nini, muhuri wa duka ukagongwa kila moja. Rogath mwenyewe akazibeba kwa miguu, akakata Mnazi Mmoja hadi Posta, akazitumbukiza moja moja. Ya Marcelino ilikuwa ya mwisho, na aliisukuma kwa kidole mpaka aliposikia imeanguka.

Siku kumi hivi alikuwa mtu mwenye furaha. Nirali alimsifu mbele ya Mzee Lalit. Megha aliporudi akazisoma barua za waombaji nyumbani kwake, akachagua wanne, akawaandikia mwenyewe kuwaita kwenye mtihani. Rogath aliposikia Marcelino yumo, aliacha chakula cha mchana nusu. Akajifariji kwamba masika yale Jangwani palikuwa pamejaa maji, na wa Magomeni hawavuki kirahisi.

Jumamosi ile mvua ilikesha. Saa mbili na nusu Rogath alikuwa mlangoni, mikono nyuma, anatazama mtaa kama mtu anayetazamia deni lisije. Nirali aliandaa viti vinne ofisini. Wa kwanza kufika alikuwa mama mmoja aitwaye Celina, amevaa suti ya kijani, akasalimia akatoa barua yake. Wa pili, wa tatu, wa nne. Rogath, aliyekwisha kusahau kwamba yeye aliwaita wote, akaanza kutabasamu: wanne wametimia, na mwenye masikio hayumo. Kisha akaja wa tano. Wa sita. Wa saba na wa nane wakaja pamoja chini ya mwavuli mmoja. Wote walikuwa wamevaa kama watu wanaokwenda kupigwa picha, na wote walikuwa wanacheka.

Wa tisa alikuwa Marcelino. Alivuka Jangwani pekupeku, suruali ameikunja magotini, viatu amevitia kwenye mfuko wa plastiki. Alinawa miguu kwenye bomba la uani, akavaa soksi kavu, akavaa viatu, akakaza tai, ndipo akapanda ngazi. Evarista alimpa taulo lake la mkono bila kuombwa. Rogath alikuwa ameloa kuliko yule kijana, na taulo lile alilijua kwa miaka minne bila kulishika hata siku moja.

Ofisini kulijaa. Nirali aliuliza kwa adabu kwa nini wamefika tisa. Celina akamjibu kwa adabu hiyohiyo kwamba wamekuja kuanza kazi, na kama dada hatajali, yeye angependa meza ya karibu na dirisha.

Megha, aliyekuja na karatasi za mtihani, alinyoosha mkono akapewa barua ya Celina. Aliisoma mara moja kimya. Aliisoma mara ya pili. Halafu akavua miwani, akaisoma kwa Kiswahili ili kila mtu asikie.

"Tumepokea salama maombi yako na tunakushukuru. Tunayo furaha kukuthibitishia kwamba tumekubali, kwa masharti uliyoyataja katika barua yako. Tafadhali fika dukani kwetu Jumamosi tarehe ishirini na tisa Mei, saa tatu."

Akaikunja.

"Masharti waliyoyataja," akamwambia mdogo wake, "ni mishahara. Umewaajiri wote, Nirali. Kila mmoja kwa mshahara aliojipangia. Na saini ni yako."

Mashine ya kushonea ya duka la jirani ikasikika mpaka ofisini. Evarista akaanza kumtazama Rogath kuanzia viatuni, akipanda taratibu. Rogath alitaka kusema kwamba barua ile ilileta nyuzi zote bila upungufu, lakini hata yeye alisikia jinsi neno hilo lingesikika.

Mzee mmoja mwenye koti akasema yeye haondoki, barua ina muhuri. Mwingine akaunga mkono. Nirali alisimama, uso umemwiva, akawaomba radhi wote bila kuzungukazunguka: aliisaini barua asiyoweza kuisoma, kosa ni lake, barua ile ilitakiwa iwaambie tu kwamba maombi yamefika na nini kitafuata. Hakumtaja Rogath. Hilo lilimchoma Rogath kuliko kama angetajwa.

Aliyewatuliza watu alikuwa, bila shaka, Marcelino. Alisema yeye alipata barua mbili. Ya kwanza inamwajiri, ya pili inamwita mtihani, ikabidi aendelee na kazi yake ya hotelini mpaka ajue ipi ni kubwa kwa mwenzake. Watu wakacheka. Akamgeukia mzee mwenye koti, akamwamkia, akamwuliza ni kampuni gani inayomkubali mtu kabla ya kumwona. Mzee akaguna, akakaa chini. Rogath alimtazama kijana yule akichekesha watu katika duka ambalo kuchekesha watu ni kazi ya Rogath.

Megha ndiye aliyetoa wazo. Kwa kuwa wote wameshafika, wote wafanye mtihani, na mtihani uwe mmoja: andika barua ambayo duka hili lilipaswa kukuandikia. Nirali akawaeleza hatua zake kama alivyomweleza Rogath siku ile, neno kwa neno. Viti vilikuwa vinne, waliobaki wakakaa juu ya marobota, karatasi magotini. Chai ikaletwa na chapati. Rogath ndiye aliyebeba sinia, maana ngazi ile alijua kuipita bila kumwaga.

Alipita nyuma ya Marcelino taratibu kuliko alivyohitaji. Ule mwandiko ulikuwa umelala upande wake, hauharakishi.

Saa moja baadaye Megha alizisoma. Celina alifanya vizuri, akawa wa pili. Alisahau tu kuwaambia wasiochaguliwa watajuaje. Mzee mwenye koti aliandika kurasa tatu na bado hakufika kwenye habari yenyewe. Ya Marcelino ilikuwa ya ukurasa nusu. Megha aliitafsiri mstari kwa mstari, kwa sauti ya mwalimu aliyepata mwanafunzi. Kwamba tumepokea barua yako ya tarehe fulani, unayoomba nafasi fulani. Kwamba tunakushukuru kwa kulifikiria duka letu. Kwamba maombi yako yanasomwa pamoja na ya wengine na bado hakuna uamuzi. Kwamba watakaochaguliwa wataandikiwa na kuitwa kwenye mtihani na usaili Jumamosi tarehe fulani. Kwamba usipopata barua nyingine kufikia siku hiyo, uelewe hatukuweza kukuchukua safari hii. Pokea heshima zetu.

"Angalieni," Megha akasema. "Ana adabu toka juu mpaka chini, na hakuna mahali mtu anaweza kushika akasema nimekubaliwa. Hata tarehe ya barua uliyoandika ameitaja, ili ujue ni ya kwako inayojibiwa."

Nirali akasema barua ile ipigwe chapa, ibaki kwenye faili iwe mfano, na wale wawili ambao hawakufika wapelekewe pamoja na neno la kuomba radhi. Kisha akamwuliza Marcelino hoteli yake inahitaji notisi ya muda gani, akajibiwa kwamba Jumatatu anaweza kuanza. Wengine waliagwa kwa heshima, na Celina akaambiwa jina lake litawekwa, mzigo ukizidi ataitwa. Akajibu kwamba safari hii atangoja barua iliyosomwa.

Duka lilipotulia, Rogath alipanda ofisini. Nirali alikuwa anakusanya vikombe, Megha anavaa viatu, Evarista anajitia anasafisha mashine. Alikuwa amejipanga kuomba radhi, na akaomba. Alisema faili alilitumia vibaya, na Polycarp alitaka kumsaidia akamkatalia. Hapo angenyamaza, mambo yangeisha. Lakini jicho lake likaangukia meza ambayo Evarista alikuwa ameshaipangusa kwa ajili ya Jumatatu, taulo lile la mkono limetundikwa kwenye kiti cha meza hiyo, likauke hapo, na yote yaliyomjaa mwezi mzima yakamtoka kwa mpigo.

Alisema miaka sita amekuwa mdomo wa duka hili. Nani aliwaleta watu wa Kalemie? Nani aliwatuliza siku rangi ya vitenge ilipochuja? Leo kijana wa juzi, kwa ukurasa nusu, anapewa meza, anapewa taulo, na wateja wake Rogath wataanza kupanda ngazi kumtafuta huyo. Nirali akamjibu taratibu kwamba hakuna anayemnyang'anya kaunta. Kazi ya Marcelino ni karatasi, ya Rogath ni watu, na Jumatatu kijana atashuka, Rogath amfundishe majina ya wateja.

"Sisemi kaunta," Rogath akasema. "Nasema hii nafasi. Kwa nini hukunifikiria mimi? Wote kumi na mmoja mmewajibu, mmewaita, mmewapa na chai. Mimi niko hapa chini kila siku, nimengoja, na sijajibiwa hata neno."

Nirali aliweka sinia mezani.

"Kila aliyeandika amejibiwa, Rogath. Ya kwako uliitia sanduku gani?"